Kumwandikia mpiga picha wa sherehe: mwambie picha zitakwenda wapi

Ujumbe mwingi anaoupata mpiga picha baada ya sherehe ni wa mstari mmoja: “Habari kaka, zile picha zetu vipi? Tunazingoja kwa hamu.” Haumvunjii mtu heshima, lakini pia haumwezeshi kufanya lolote. Hausemi anadaiwa picha ngapi, kwa saizi gani wala za nini. Mpiga picha ana sherehe nyingine tatu kwenye kompyuta yake, hivyo hujibu “zinakuja” na kuendelea na kazi ya yule aliyemweleza anachotaka. Anayeandika ujumbe wa namna hii huamini kwamba adabu ni kutodai mengi. Hoja yangu ni kinyume chake. Kwa mtu anayeuza kazi ya macho na mikono yake, adabu kubwa kuliko salamu ni kumweleza mapema na waziwazi picha zitatumika wapi, kwa sababu matumizi ndiyo yanayoamua atengeneze faili gani, ahariri kiasi gani, na ruhusa gani unayohitaji kutoka kwake.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kikundi cha wanawake washonaji huko Kilifi kimefanya sherehe ya kufunga mafunzo na kugawa vyeti. Kimemwita mpiga picha kwa shilingi 20,000, nusu imelipwa mbele kwa M-Pesa, na makubaliano ya simu yalikuwa picha 120 zilizohaririwa. Siku chache baadaye mpiga picha ametuma kiungo chenye picha ndogondogo za kuonja, kila moja ikiwa na namba yake na nembo ya studio ikikatiza katikati. Kikundi kina mipango minne: ripoti kwa mfadhili, kurasa zake za Facebook na Instagram, bango la dukani, na kalenda ya kuuza mwishoni mwa mwaka. Mipango hii minne haifanani hata kidogo, na katibu atakayeandika “tunaomba picha zetu” ameifunga yote katika furushi moja ambalo mpiga picha hawezi kulipima.

Tuanze na faili, maana hapo ndipo hasara huonekana kwanza. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa, na mara nyingi upande wake mrefu hubaki na takriban pikseli 1600. Kwenye simu inang’aa, na mwenye kikundi ataapa kwamba ni nzuri. Lakini mchapishaji wa kalenda hutaka kama pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Gawa 1600 kwa 300 upate inchi tano na kidogo, yaani sentimita 13 na nusu. Kalenda ya saizi ya A3 ina upande wa sentimita 42, na huo unahitaji karibu pikseli 5,000. Kamera ya kawaida ya kazi, ya megapikseli 24, hutoa picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, kwa hiyo anacho kinachotosha na kubaki, ila hatakutumia kama hakujua unakihitaji. Ombi sahihi basi ni “saizi kamili, kwa kiungo cha kupakulia au kwa flashi”, au kama hapana budi iwe WhatsApp, zitumwe kama hati, maana zikitumwa hivyo hazipunguzwi. Zikifika, zikague kabla ya kushukuru: fungua maelezo ya picha kwenye simu au kompyuta, tazama namba mbili za upana na urefu. Ukiona 1600 kwa 1067, umepewa za kutazamia. Pakua zote siku hiyohiyo, kwani viungo vingi vya bure hufungwa baada ya siku chache.

Upande wa kuhariri unahitaji uangalifu zaidi, maana kila mtu ana picha yake kichwani ya maana ya “kuhariri”. Kwa mpiga picha wa sherehe, bei ya kawaida hugharimia kuchambua picha zilizofumba macho na zilizotikisika, kunyoosha upeo, kusawazisha mwanga na kurekebisha rangi. Kufuta chunusi, kuondoa nyaya ukutani, kumtoa mtu aliyepita nyuma ya mgeni rasmi ni kazi nyingine, ya dakika nyingi kwa picha moja, na wengi huitoza pembeni. Anayeomba “uzifanye ziwe nzuri” anaweza kurudishiwa nyuso zilizolainishwa kama plastiki na ngozi zilizong’arishwa hadi watu wamepoteza rangi yao. Kama hamtaki hivyo, semeni: “tunaomba ngozi zibaki kama zilivyo.”

Katika mfano wetu kuna kasoro ambayo kikundi cha washonaji hakiwezi kuifumbia macho. Ukumbi ulikuwa na taa za tyubu juu na mwanga wa jua ukiingia madirishani. Taa za namna hiyo hutupa ukijani ambao jicho huuzoea lakini kamera huunasa, na ndiyo sababu leso za rangi ya feruzi ambazo wahitimu walizishonea magauni zimetoka kijani kibichi. Kwa sherehe ya harusi pengine asingejali mtu. Kwa wanaouza nguo, mteja ataona bango la kijani na kukuta gauni la feruzi dukani. Marekebisho yake ni mepesi iwapo mpiga picha bado ana faili ghafi, zile ambazo majina yake huishia na NEF kwa Nikon au CR3 kwa Canon mpya. Ndani yake rangi haijafungwa, na anaweza kuvuta mizani ya mwanga mweupe kwa picha moja kisha akaipitisha kwa zote za ukumbi ule. Akishafuta faili ghafi na kubaki na JPEG pekee, kazi huwa ngumu na matokeo huwa na mabaka. Hii ndiyo sababu ujumbe uandikwe ndani ya wiki mbili, kabla hajasafisha diski yake kupisha kazi mpya. Utaje kasoro kwa namba za picha, useme ni nini kisicho sawa, na ukiweza umtumie picha ya kitambaa chenyewe kilichopigwa nje mchana ili awe na cha kulinganishia. “Rangi hazijakaa vizuri” ni lawama tu. “DSC_0412 hadi DSC_0430, leso ya feruzi imekuwa kijani” ni kazi anayoweza kuimaliza jioni moja.

Wengine huomba wapewe faili ghafi zenyewe. Mara nyingi watakataliwa, na kukataliwa huko si ubaya. Faili ghafi ni kazi ambayo haijakamilika, na mpiga picha hataki picha iliyopauka izunguke mitaani na jina lake chini. Kama hamna mtu wa kuzihariri, hamzihitaji.

Sasa matumizi. Hapa pingamizi la kwanza huja mbio: tumelipa, picha ni zetu, kwa nini tuombe ruhusa? Nchini Kenya pingamizi hili lina mguu imara zaidi wa kusimamia kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa msanii, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza. Lakini kifungu hichohicho kinaweka sharti: kama wawili hao hawakukubaliana vinginevyo. Na makubaliano hayo vinginevyo mara nyingi yamo ndani ya ankara au fomu ya kuhifadhi siku, kwa maandishi madogo ambayo katibu hakuyasoma. Studio nyingi huchukua mikataba ya mfano kutoka mtandaoni, na mikataba hiyo imeandikwa Uingereza au Marekani. Sheria ya Uingereza ya 1988 humwachia mpiga picha hakimiliki hata kama ameagizwa na kulipwa, na Marekani nako, kuagiza na kulipa peke yake hakuhamishi haki. Mstari usemao haki zote zinabaki kwa mpiga picha husafiri pamoja na mkataba, na ukishatia saini Kilifi, umekubaliana vinginevyo. Kabla ya kuandika ujumbe wowote, basi, soma ulichotia saini. Msomaji wa Tanzania asibebe kifungu hiki cha Kenya kuvuka nacho Horohoro. Huko kuna sheria yake, Na. 7 ya 1999, na asiye na mkataba mkononi atakuwa salama zaidi akianza kwa kudhani kwamba haki iko kwa mpiga picha.

Hata pale hakimiliki ilipohamia kwenu, yapo yasiyohama. Kifungu cha 32 cha sheria ya Kenya kinamhifadhia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna itakayomharibia jina. Kijana wa kikundi anayechukua picha iliyosawazishwa kwa uangalifu, akaipitishia kichujio cha rangi ya machungwa, akakata nusu ya fremu na kuacha jina la studio pale chini, amemwekea mtu mdomoni maneno asiyosema. Swali la matumizi kwa hiyo ni pana kuliko swali la nani mwenye mali. Linauliza pia jina litaandikwaje, mnaweza kukata kiasi gani, na picha zikae muda gani.

Pingamizi la pili ni la ujanja zaidi: ukiuliza utatozwa, usipouliza hajui. Ni kweli kwamba kwa kalenda huenda akataja bei. Ripoti na ukurasa wa Facebook ni mambo ambayo karibu kila mpiga picha huyahesabu ndani ya kazi ya sherehe. Bango la duka liko mpakani. Kalenda inauzwa, picha yake ndiyo bidhaa, na mpiga picha ana haki ya kufikiri kwamba alipokubali shilingi 20,000 hakuwa akiuza hiyo. Lakini linganisha nyakati mbili. Akitaja bei leo, mnaweza kupunguza nakala, kubadili picha au kuachana na kalenda kabisa. Akiiona kalenda dukani mwezi Desemba nanyi mmeshachapisha nakala 300, mnajadiliana mkiwa mmekwisha kutoa pesa kwa mchapishaji, na mbele ya mtu ambaye sasa ana kinyongo. Na Kilifi si mji wa kujificha. Picha huonekana.

La tatu husemwa kwa upole: mpiga picha ni wa nyumbani, ni mtoto wa jirani, maswali haya yatamfanya ajione haaminiwi. Ningelikubali kama maswali yangekuwa ya kumpeleleza. Lakini ujumbe unaosema “sisi tunakusudia hivi, wewe unaonaje” humpa yeye nafasi ya kusema anachotaka bila kuona haya ya kudai kwa mtu wa mtaani kwake. Anayeumia kwa ukimya kati ya jirani na jirani kwa kawaida ni yule mwenye ujuzi.

Upo upande mmoja ambao hata mpiga picha mkarimu kuliko wote hawezi kuwasaidia. Ruhusa yake haihusu nyuso zilizomo ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huichukulia picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi, na kwa mtoto hutaka ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya burudani ikatozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni. Kuzipata picha kihalali kutoka kwa mpiga picha hakujibu swali hilo la ridhaa. Washonaji wetu walikuja na watoto wao ukumbini. Kwa hiyo ujumbe una kazi ya kumwomba naye mpiga picha azuie picha za watoto zisitoke kwenye ukurasa wake, na kikundi kina kazi ya kuwauliza wahitimu watakaotokea kwenye bango na kalenda, mmoja mmoja.

Tukiyaweka hayo yote kwenye maneno, ujumbe wa katibu unaweza kusomeka hivi:

“Habari za kazi, kaka. Ni kikundi cha ushonaji, ulitupigia sherehe ya vyeti Jumamosi tarehe 14. Tumeziona picha za kuonja na tumezifurahia, hasa zile za mama aliyepokea cheti na mjukuu wake. Tunaomba zile 120 zilizohaririwa, saizi kamili bila nembo ya katikati, kwa kiungo au tukuletee flashi. Ripoti ya mfadhili inatoka Jumatatu tarehe 30, hivyo tukizipata Ijumaa tarehe 27 utatuokoa. Katika DSC_0412 hadi DSC_0430 leso ya feruzi imeonekana kijani. Tumekutumia picha ya kitambaa chenyewe, tafadhali turekebishie. Ngozi za watu zibaki kama zilivyo. Kuhusu matumizi: tunakusudia kuziweka kwenye ripoti, kwenye kurasa zetu za Facebook na Instagram, na kwenye bango la duka, tukiandika jina la studio yako. Pia tunafikiria kalenda ya kuuza, nakala 300, picha 12. Je, hayo yote yamo katika bei tuliyokubaliana, au kalenda ina bei yake? Wewe nawe ukitaka kuzionyesha kwenye ukurasa wako hatuna neno, isipokuwa zenye watoto tunaomba usizitoe. Salio la 10,000 tutatuma siku tutakapozipokea, kama tulivyoagana. Asante sana.”

Si ujumbe mfupi, na atakayesema mpiga picha hatausoma hajawahi kungoja maelezo ya mteja. Angalia mpangilio wake. Sifa imetaja picha halisi, hivyo anajua mmezitazama. Tarehe imekuja na sababu yake, na sababu humfanya mtu aipangie kazi nafasi. Rangi imeombwa bila neno la lawama. Kalenda imetajwa peke yake mwishoni mwa matumizi, na nakala zake na picha zake zimehesabiwa, kwa kuwa hawezi kutaja bei ya kitu asichojua ukubwa wake. Na salio limetajwa kama ahadi. Kusema “hatulipi mpaka utume” ni jambo lilelile la pesa, lakini husikika kama kisu. Kama mpiga picha ni mwanamke, andika “dada”. Kama ni mtu mzima, anza kwa “shikamoo” na usimwite kaka.

Asiyemwajiri mpiga picha, kwa mfano mgeni mzungumzaji au msanii aliyealikwa, afupishe zaidi na ajue kwamba hana dai. Aanze kwa mwenye sherehe, apate idhini yake, kisha amwandikie mpiga picha akitaja idhini hiyo, namba za picha mbili tatu anazozitaka, na mahali atakapoziweka. Kuomba zote ni kuomba kazi ya mtu bure.

Jibu linaloogofya kuliko “hapana” ni “hamna shida, tumieni tu”. Limesema ndiyo, lakini kwa lipi? Mwaka ujao hakuna atakayekumbuka kama “tu” ile ilibeba na kalenda. Mjibu palepale: “Asante kaka. Basi tumeelewa hivi: ripoti, kurasa zetu, bango na kalenda ya nakala 300, bila malipo ya ziada, jina lako likiwepo. Kama tumekosea tusahihishe.” Kwa sheria ya Kenya, ruhusa ya kutumia ambayo haimzuii mwenyewe kuwapa wengine inaweza kutolewa kwa mdomo au hata kueleweka kutokana na mwenendo wa watu, kwa hiyo mazungumzo ya simu yana uzito wake. Kuhamisha hakimiliki kwa mkataba, au kupewa ruhusa ya peke yenu, kunahitaji maandishi yaliyotiwa saini. Kama mnataka picha zile zisionekane kwa mshonaji mwingine yeyote, WhatsApp haitoshi. Andikeni karatasi ya nusu ukurasa, atie saini, mlipe kinachostahili.

Mazungumzo yenyewe yasiachwe kwenye simu ya katibu pekee, maana simu huibiwa na makatibu hubadilika. Yatumeni kwenye barua pepe ya kikundi, myaweke folda moja na picha, na jina la folda liwe na tarehe ya sherehe na matumizi yaliyoruhusiwa. Atakayeandaa kalenda mwezi wa Novemba huenda hakuwepo ukumbini siku ile, na folda hiyo ndiyo itakayomwambia achape au ampigie kwanza mpiga picha.